Ujumbe huu kwa bosi una mazoea? Naomba mnirekebishie kabla sijautuma

Stoo_Igogo (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuchakata samaki hapa Igogo. Bosi wangu ni mama wa makamo, meneja wa uzalishaji, hana makuu na tunaelewana vizuri. Kesho Alhamisi nina safari ya Sengerema. Nimeandika ujumbe wa WhatsApp, bado sijautuma:

> Mambo bosi. Kesho ntachelewa kidogo kuna ishu naifatilia Sengerema. Funguo anazo Musa. Tutaongea

Mwenzangu wa zamu ameusoma akasema naandika kama kwa mshikaji. Mimi naona ni mfupi na unaeleweka. Nikitoa "mambo" nikaweka "shikamoo" si itatosha? Sasa hivi ni saa 11 jioni, nataka utoke leo.

Nyegezi_Kona

Inatosha mkuu. Weka "shikamoo mama", halafu andika "nitachelewa" na "naifuatilia" kwa ukamilifu wake. Herufi zikiliwa ndipo ujumbe unapoonekana wa kijiweni. Mengine yote yako sawa, mabosi wa siku hizi hawana muda wa barua ndefu.

Masjala_Nyamagana

Nyegezi_Kona, kwenye herufi uko sahihi kabisa, kwenye salamu nusu. Hebu mleta mada afanye hilo badiliko lako tuone kinachobaki:

> Shikamoo mama. Kesho nitachelewa kidogo, kuna ishu naifuatilia Sengerema. Funguo anazo Musa. Tutaongea.

Usome kwa sauti. Salamu imemwinua mama, halafu sentensi tatu zinazofuata zinamshusha palepale. Maana mazoea ya ujumbe huu hayakuwa kwenye "mambo". Yako kwenye vitenzi. "Nitachelewa" ni uamuzi uliokwisha kutolewa. "Funguo anazo Musa" ni uamuzi wa pili, tena wa mali ya kampuni. "Tutaongea" ni mtu anayefunga mazungumzo na kupanga yaendelee lini. Mama wa watu hajaachiwa hata kitu kimoja cha kuamua. Hivyo ndivyo wanavyoandikiana watu wa cheo kimoja, na ndiyo maana mwenzako wa zamu ameona ni ujumbe wa mshikaji hata kama hakujua kusema ni kwa nini.

Njia ninayoiamini ya kupima ni hii. Chukua ujumbe, mtoe bosi, weka jina la mtu mnayelingana naye kazini, mfano huyo Musa. Ukiona unaweza kumtumia Musa bila kugusa chochote zaidi ya salamu, ujumbe umezoea mno. Jaribu: "Musa, kesho nitachelewa kidogo, kuna ishu naifuatilia Sengerema, funguo anazo fulani, tutaongea." Umekaa sawa kabisa. Basi haumfai meneja.

Ukitaka kipimo cha pili, jifikirie umesimama mbele ya meza yake na ana mgeni kutoka nje ya kampuni. Ungetamka "kuna ishu naifuatilia" mgeni akiwa anakusikiliza? Neno linalokukwama hapo ndilo la kubadilisha. Lisilokwama liache, usije ukasafisha ujumbe mpaka ukakosa ladha.

Mtumishi_Ilemela

Mimi nashauri usihangaike, tumia utaratibu wa kiofisi moja kwa moja, hakuna atakayekulaumu:

> YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUCHELEWA KAZINI
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtumishi katika kitengo cha stoo. Kwa heshima na taadhima naomba ruhusa ya kuchelewa kazini siku ya kesho kwa sababu za kifamilia zilizo nje ya uwezo wangu. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa na kufanyiwa kazi. Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa.

Heshima iliyozidi haijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Kirumba_Juu

Kwani unaumwa? Kama unaumwa usitume ujumbe kabisa, nenda hospitali, chukua karatasi ya daktari, hiyo ndiyo inayokulinda. Bila karatasi hata uandike kwa heshima namna gani watakukata.

Stoo_Igogo

@Kirumba_Juu siumwi mkuu, naenda kusaini karatasi za kiwanja cha familia ofisi ya ardhi Sengerema. Tunasainiana watu watatu, bila mimi haliendi.

@Mtumishi_Ilemela nikituma hiyo mama ataniuliza kama naacha kazi.

Masjala_Nyamagana

Na swali hilo la mama lingekuwa la haki. Muundo wa "yah" na "husika na kichwa cha habari" ni wa karatasi itakayopigwa muhuri na kuwekwa kwenye faili. Unapoupeleka WhatsApp kwa mtu mnayesalimiana naye kila asubuhi getini, anaona kama unatengeneza ushahidi. Anaanza kujiuliza kuna ugomvi gani asioujua. Halafu angalia jambo moja zaidi: kwenye maandishi yote yale hakuna saa. Amesoma mistari yote na bado hajui utafika saa ngapi. Simu inapolia anaona maneno machache ya mwanzo tu juu ya kioo, na hapo ataona "YAH: OMBI LA RUHUSA", moyo upasuke bure.

Ila Mtumishi_Ilemela ameleta neno moja ambalo ndilo dawa ya ujumbe huu wote, nalo ni "naomba". Hilo tutalichukua.

Ngambo_Busisi

Niingie kwenye hilo neno "kidogo". Mimi ni wa upande wa Sengerema, njia hiyo naijua. Ofisi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Mkisaini watu watatu, na kuna kusubiri afisa na kutoa nakala, hutoki hapo kabla ya saa 3 ukiwa na bahati. Halafu kuna gari la kurudi Mwanza, halafu daladala la kukushusha Igogo. Mkuu, wewe unafika kazini saa 6 mchana. Kama zamu yako inaanza saa 1 asubuhi, hiyo si "kidogo", hiyo ni nusu siku.

Na usifikirie kujificha kwenye kisingizio cha foleni ya feri. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unazivuka kwa dakika chache, na mabosi wote wa Mwanza wanalijua hilo.

Stoo_Igogo

Zamu ni saa 1 kweli. Kusema haki sikuwa nimepiga hesabu. Nilijua tu nitachelewa.

Masjala_Nyamagana

Ngambo_Busisi umegusa penyewe. "Kidogo", "baadaye", "asubuhi asubuhi hivi", "muda si mrefu": haya ni maneno ya watu waliozoeana, kwa sababu wanaozoeana hawadaiani hesabu. Bosi anayepanga nani afungue stoo na nani apokee barafu anahitaji saa. Ukimpa saa kamili, nusu ya heshima umeshaiweka hata kabla ya "naomba".

Sasa tuurekebishe sentensi kwa sentensi, mleta mada aone kila badiliko limetoka wapi.

"Mambo bosi" iwe "Shikamoo mama", ikiwa ndivyo unavyomsalimia ana kwa ana. Kama kazini unamwita "meneja", andika meneja. Usimbunie jina jipya kwenye simu.

"Kesho ntachelewa kidogo" iwe "Naomba ruhusa kesho Alhamisi niingie kazini saa 6 mchana badala ya saa 1 asubuhi". Hapo kitenzi kimehama kutoka kwenye kutangaza kwenda kwenye kuomba, na saa imeingia. Taja na siku pia, kwa kuwa akiufungua ujumbe alfajiri, "kesho" inageuka Ijumaa.

"Kuna ishu naifatilia Sengerema" iwe "nina shughuli ya kifamilia Sengerema inayohitaji saini yangu". Si lazima umwambie habari za kiwanja. "Ishu" na "shughuli ya kifamilia" vyote vinaficha, ila la kwanza linaficha kwa kumfungia mlango, la pili linamwambia ni jambo la heshima na akitaka anaweza kuuliza. Hilo la saini linaeleza kwa nini asiende mtu mwingine, nalo ndilo swali la kwanza ambalo bosi yeyote angeuliza.

"Funguo anazo Musa" ndiyo sentensi hatari kuliko zote na nashangaa hakuna aliyeigusa. Funguo za stoo zinakabidhiwa kwa kusaini kitabu, na mwenye kusema zishikwe na nani ni meneja. Iwe "Ukiridhia, nitamkabidhi Musa funguo za stoo leo kabla sijatoka". Neno "ukiridhia" linabeba kazi kubwa hapo. Na kama umeshampa, mwambie azirudishe mpaka ruhusa itoke, kwa sababu ujumbe mzuri hauwezi kufunika kitendo kilichokwishafanyika.

"Tutaongea" iwe "Nasubiri maelekezo yako". Usiandike "nasubiri majibu yako haraka", hapo unamkimbiza.

Ukiunganisha:

> Shikamoo mama. Naomba ruhusa kesho Alhamisi niingie kazini saa 6 mchana badala ya saa 1 asubuhi. Nina shughuli ya kifamilia Sengerema inayohitaji saini yangu. Ukiridhia, nitamkabidhi Musa funguo za stoo leo kabla sijatoka. Nasubiri maelekezo yako.

Utume wote kwa pamoja. Usitume "shikamoo mama" peke yake ukakaa kusubiri "marahaba" ndipo ushushe shida. Wengi wanadhani hiyo ni adabu, kumbe unamwacha na wasiwasi kuna nini, na akiwa kikaoni salamu yako inakaa saa 2 bila jibu huku muda unakwenda.

Nyegezi_Kona

Nimeelewa mkuu, kwenye vitenzi umenifungua macho. Ila hapo kwenye kutuma salamu kwanza sikubaliani. Kuna wazee ukiwarushia shida kabla hawajaitikia wanaona umewavamia. Nyumbani hatuingii na shida mdomoni.

Masjala_Nyamagana

Kwa mzee wa namna hiyo sikupingi. Ukimjua kwamba huwa anaitikia salamu kwanza na anaitikia upesi, mpe nafasi yake. Nilichosema ni kwa meneja mwenye shughuli nyingi siku za kazi.

Stoo_Igogo

Nashukuru sana. Kinachonisumbua ni kwamba yeye mwenyewe ananiandikia "poa", "fresh", juzi kaniandikia "leta ile kitu bana". Nikimjia na "nasubiri maelekezo yako" hataona nimemnunia?

Masjala_Nyamagana

Swali zuri, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kabla ya kutuma, pandisha juu usome ujumbe wake kumi hivi wa mwisho. Angalia anaanzaje, anamaliziaje, anakuita nani. Hapo utajua amesimama ngazi gani. Wewe simama ngazi moja juu yake kwa adabu, usiende tatu. Yeye akiandika "poa", wewe andika "sawa mama". Yeye akiandika "sawa", wewe andika "sawa mama, nimepokea". Mkubwa akilegeza lugha anakupunguzia woga. Hajakupa ruhusa ya kumrudishia yaleyale. "Leta ile kitu bana" ikitoka juu kwenda chini ni ucheshi, ikitoka chini kwenda juu ni kitu kingine.

Halafu tofautisha ujumbe wa kazi inayoendelea na ujumbe wa ombi. Mkiwa katikati ya kazi, anauliza "mzigo umefika?", jibu "umefika mama, tunapakua" linatosha, ukianza na shikamoo utaonekana wa ajabu. Lakini unapoomba kitu cha kwako, yaani ruhusa, hela au msamaha, panda ile ngazi moja. Kwa bosi mlegevu kama huyu, umaliziaji "nasubiri maelekezo yako" unaweza kuupunguza ukawa "naomba uniambie kama itawezekana". Mwisho bado uko mikononi mwake, ila sauti ni ya mtu anayemfahamu.

Mama_Nyakato

Naomba na mimi nisaidiwe, mnaongelea wenye mabosi wakubwa kiumri. Msimamizi wangu dukani ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Yeye ndiye anayeniamkia shikamoo. Nikitaka kumwomba ruhusa naandikaje? Nikimwita "mdogo wangu" nahisi namshusha, nikimwandikia "shikamoo bosi" atacheka.

Masjala_Nyamagana

Mama, usimwamkie, na usimwite mdogo wangu kwenye mambo ya kazi. Anza na "Habari za asubuhi msimamizi", au jina lake ikiwa ndivyo dukani mnavyoitana, halafu ombi lako liende vilevile: naomba, saa, nani atashika nafasi yako, ukiridhia. Akikuanza na shikamoo kwenye simu, itikia "Marahaba, habari za kazi", kisha endelea na "naomba". Umri umechukua haki yake kwenye salamu, cheo kimechukua yake kwenye ombi, na hakuna aliyepungukiwa.

Neno moja la kuliepuka hapo ni "wewe" lililosimama peke yake, mfano "wewe si ulisema Jumamosi napumzika?" Kwa mtu mzima kumwandikia kijana linatoka lenyewe bila nia mbaya, ila likisomwa kwenye simu linamkaripia. Andika "kama ulivyoelekeza, Jumamosi napumzika".

Mama_Nyakato

Ahsante, hilo la "wewe si ulisema" ndilo langu kabisa.

Dagaa_Mwaloni

Na vile vialama vya mikono iliyokutanishwa? Mimi namalizia navyo kila ombi, naona vinalainisha.

Mtumishi_Ilemela

Kwa bosi hapana. Alama za vikatuni ni za watoto.

Ngambo_Busisi

Mbona mabosi wenyewe wanazituma? Meneja wetu anajibu kwa kidole gumba kila kitu.

Masjala_Nyamagana

Mimi nafuata ileile ya kusoma ujumbe wake. Kama anatumia, alama hiyo moja mwishoni haina shida. Kama hajawahi kutumia, acha. Ninachokataa ni alama kushika nafasi ya neno, kwa mfano kuandika "kesho sitakuwepo" ukaweka mikono mitatu ukidhani umeomba. Hujaomba, umetangaza kwa mapambo.

Dagaa_Mwaloni

Haya, na kukumbushia je? Kuomba ruhusa ni mara moja moja, ila kukumbushia ni kila siku. Mimi nikiandika "Bosi vipi ile ishu ya barafu?" sijibiwi. Nikiandika "Tafadhali naomba unijibu kuhusu barafu" nahisi nagomba.

Masjala_Nyamagana

Unahisi sawa. "Tafadhali" ikikaa mwanzoni na ikafuatwa na "unijibu" inasikika kama ilani ya ukutani. Tatizo la "vipi ile ishu" ni la pande mbili: limezoea, na pia linamwachia bosi kazi ya kukumbuka ni ishu ipi na wewe unataka nini. Hajibu kwa sababu kujibu kunahitaji akili, naye ana mambo mengine. Jaribu hivi:

> Habari za mchana bosi. Nakumbushia oda ya barafu ya kesho. Mwenye barafu anahitaji jibu kabla ya saa 10 jioni. Niagize tani 2 kama jana, au nisubiri?

"Nakumbushia" haimlaumu kwamba amesahau. Mwisho wa muda umetajwa kuwa wa mwenye barafu, wewe hujampangia. Na swali linajibika kwa neno moja, hata akiwa ndani ya gari. Anaandika "2", umemaliza.

Dagaa_Mwaloni

Na akinyamaza mpaka saa 10?

Masjala_Nyamagana

Piga simu. Usitume alama ya kuuliza peke yake, na usitume ujumbe uleule mara ya pili. Hivyo viwili vinasomeka kama kumgongea meza.

Kirumba_Juu

Mimi bado nasema kwa ruhusa ya nusu siku ajaze fomu. Ujumbe wa simu unaweza kukanwa.

Masjala_Nyamagana

Kama kiwanda chake kina fomu ya ruhusa, ajaze, na kwenye ujumbe aongeze "fomu nimeiacha mezani kwako". Hapo nakubaliana nawe kabisa. Ujumbe unafungua njia, hauchukui nafasi ya fomu.

Stoo_Igogo

Nimeutuma saa 12 kasoro, ule mrefu, ila mwisho nimeweka "naomba uniambie kama itawezekana". Musa nimemwomba funguo azirudishe kwanza. Mama amejibu: "Marahaba. Sawa nenda, ila funguo mpe mzee wa zamu ya usiku, siyo Musa. Saa 6 usichelewe."

Sasa hapo nimjibu nini? Nilitaka kuandika "poa mama".

Nyegezi_Kona

"Sawa mama" inatosha, usiongeze kitu.

Masjala_Nyamagana

Amekupa maelekezo mawili, la funguo na la saa. "Sawa mama" haimwonyeshi kama la funguo umeliona. Andika "Ahsante mama. Funguo nampa mzee wa zamu ya usiku, na saa 6 nitakuwa stoo." Kisha funguo zikishasainiwa kitabuni, mtumie mstari mmoja: "Funguo zimekabidhiwa."

Nyegezi_Kona

Huo wa pili mimi naona ni kumjaza mama ujumbe. Akitaka kujua atauliza.

Ngambo_Busisi

Kwa funguo za stoo ya samaki, mimi ningetuma.